Jalada la nyuma linavuja: jinsi ya kutambua kasoro za maelezo ya riwaya na kuzirekebisha

Maelezo ya jalada la nyuma huandikwa mwisho, mswada ukiwa tayari umesanifiwa na mpigachapa anasubiri. Mwandishi amechoka, anaijua hadithi yake kuliko anavyojua njia ya kwenda kwao, na anaombwa aieleze kwa aya tatu. Matokeo yake huwa yanafanana. Kasoro zake pia zinafanana, na ndiyo maana zinaweza kutibiwa kwa utaratibu.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni riwaya niliyoibuni kwa ajili ya somo hili, tuseme ina kurasa 230. Rehema ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika huko Newala, mkoani Mtwara, ambako korosho za wakulima huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo, unapimwa, unaandikwa, unakwenda ghalani, unanadiwa, na malipo yanakuja baadaye. Magunia yanapotea. Baba yake Rehema, mlinzi wa ghala, anakamatwa. Mwishoni kabisa, ukurasa wa 205, tunajua kwamba aliyepanga wizi ni mjomba wake, yule aliyemsomesha. Kwa anayefahamu Wamakonde na uzito wa mjomba katika ukoo unaofuata upande wa mama, hilo ni pigo kubwa kuliko wizi wenyewe, na riwaya nzima imejengwa ili pigo hilo litue.

Haya ndiyo maelezo ambayo mwandishi wa namna hii angeyaleta:

"Riwaya hii ya kusisimua inasimulia maisha ya Rehema, msichana mrembo na mwerevu aliyezaliwa katika kijiji kimoja wilayani Newala. Baada ya kufiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka saba, Rehema alilelewa na baba yake, Mzee Chilumba, pamoja na mjomba wake, Nandonde, mtu mwenye tamaa aliyejificha nyuma ya ukarimu. Alipomaliza chuo alirudi kijijini na kuajiriwa kama karani wa chama cha msingi, ambako anakutana na Hamisi, dereva wa lori, na Bi Zuhura, mwenyekiti wa chama. Siku moja magunia 400 ya korosho yanapotea ghalani na baba yake, aliyekuwa mlinzi, anatuhumiwa kwa wizi. Rehema anaamua kutafuta ukweli. Katika harakati zake anagundua stakabadhi yenye jina la marehemu, na hatimaye anabaini kuwa adui yake hakuwa mbali. Je, Rehema atafanikiwa kumwokoa baba yake? Je, mapenzi yake na Hamisi yatadumu? Soma ujionee! Mwandishi ametumia lugha nyepesi na mbinu mbalimbali za kisanaa kuibua masuala ya rushwa, tamaa, usaliti, mapenzi, umaskini na nafasi ya mwanamke katika jamii. Ni kitabu kinachomfaa kila msomaji."

Usianze kukata. Kwanza pima, kwa sababu sentensi inayokukera wewe siyo lazima iwe ndiyo inayomfukuza msomaji.

Kipimo kabla ya dawa

Tafuta watu watatu au wanne ambao hawajasoma mswada na wanaopenda vitabu vya aina hiyo. Rafiki anayesoma vitabu vya dini tu hatakusaidia hapa, hata akiwa mkweli kiasi gani. Mpe kila mmoja maelezo peke yake, ayasome mara moja, kisha yachukue. Ongeeni mambo mengine kidogo, halafu muulize: kitabu kinamhusu nani, huyo mtu yuko katika shida gani, na unadhani kitaishaje?

Swali la tatu ndilo lenye kazi. Wote wakikisia mwisho mmoja na ukawa ndio, maelezo yanavuja. Wote wakisema "sijui" bila kujali, hakuna ndoano. Unachotaka ni kila mmoja akisie chake na aonekane anataka kujua kama amepatia. Kwa maelezo ya hapo juu, msomaji yeyote wa riwaya za upelelezi atakwambia "mjomba" kabla hujamaliza kuuliza.

Dalili ya kwanza: "Nimeshaijua hadithi yote"

Chanzo cha wazi ni kusimulia mbali mno. Kanuni ninayoifuata ni kwamba maelezo yasivuke robo ya kwanza ya kitabu. Kwa kurasa 230, hiyo ni kama ukurasa wa 58. Chukua mswada, tia alama hapo, kisha kwa kila tukio lililotajwa kwenye jalada andika pembeni namba ya ukurasa linapotokea. Magunia kupotea: ukurasa wa 9. Baba kukamatwa: 14. Stakabadhi ya marehemu: 48. Yote hayo yanaruhusiwa, maana msomaji atayafikia jioni ya kwanza. "Anabaini kuwa adui yake hakuwa mbali": 205. Hiyo inatoka.

Waandishi wengi hukubali hadi hapo, kisha hulalamika kwamba jambo la ukurasa wa 120 ndilo linalouza kitabu. Mara nyingine ni kweli. Basi chukua athari ya jambo hilo na uache sababu yake. Unaweza kusema kwamba mtu fulani kijijini anatamani Rehema aache kuhesabu. Kwa nini anatamani hivyo, hilo libaki ndani. Na kama kurasa 60 za kwanza hazina kitu chochote cha kutaja, tatizo haliko kwenye jalada.

Kuna vitabu ambavyo mwisho wake unajulikana na hakuna ubaya. Riwaya inayotokea katika Vita vya Majimaji haiwezi kuficha kwamba vita vile vya 1905 hadi 1907 viliishaje. Inachoficha ni nani atakuwa nani vita vikiisha: nani atakimbia, nani atageuka mtumishi wa askari, nani atarudi kwenye mji usio na mtu. Kabla ya kuficha chochote, amua siri ya kitabu chako ni ipi hasa. Kwa Rehema, siri ni mtu. Wizi wenyewe si siri.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukiona, nacho ni uvujaji wa neno moja moja. Kiswahili kinaficha mambo kwa urahisi mahali fulani na kinayaanika kwa urahisi mahali pengine.

Angalia virejeshi. "Nandonde, mtu mwenye tamaa aliyejificha nyuma ya ukarimu." Mwandishi alitaka tu kumtambulisha mhusika, lakini kirejeshi kimebeba hukumu ambayo kitabu kinaitoa baada ya kurasa 200. Kila unapoona *aliye-*, *ambaye* au *mwenye* baada ya jina la mtu, uliza: je, Rehema mwenyewe analijua hili kwenye ukurasa wa 58? Kama halijui, msomaji wa jalada asilijue. Katika kurasa hizo Rehema anamwona mjomba aliyelipa ada na kumtafutia kazi. Basi.

*Hatimaye*, *kumbe* na *kwa bahati mbaya* ni maneno ya mtu aliyekwisha kufika mwisho na anatazama nyuma. Hata sentensi ikiwa haisemi lolote, neno lenyewe linamwambia msomaji kwamba msimulizi anajua, na kwamba jibu lipo upande fulani. Yafute yote kwenye jalada. Sijapata kuona maelezo yaliyopungukiwa kwa kuyakosa.

Majina ya udugu na hali nayo yanavuja. Ukiandika "mjane wa Hamisi" umemuua Hamisi. Ukiandika "mama wa watoto wawili" kuhusu msichana ambaye katika sura ya kwanza hajaolewa, umemaliza mashaka ya kama ataolewa. Mwandishi huona ametaja cheo tu, kwa kuwa kichwani mwake mhusika huyo ameshakuwa mjane muda mrefu.

Upande wa faida, kiambishi *a-* hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke. "Aliyeandika jina lile aliujua mwandiko wa karani" inaweza kuwa Bi Zuhura, Hamisi, mjomba au baba mwenyewe. Lugha inakupa kificho bure, kisha neno *mjomba* linakuja kukifunua.

Uvujaji wa tatu ni wa hesabu. Hesabu watu waliotajwa kwa jina na kazi ya kila mmoja ndani ya maelezo. Rehema anatafuta. Mzee Chilumba ametuhumiwa. Hamisi anapendwa. Bi Zuhura anaongoza chama. Nandonde hafanyi chochote, na wasomaji wa upelelezi wamefundishwa na vitabu vingi walivyosoma kwamba mtu aliyetajwa bila kazi ndiye mwenye kazi. Hata ungefuta lile neno *tamaa*, kumbakiza Nandonde kwa jina kungetosha kumfichua. Mwondoe kabisa. Mjomba asiyetajwa nje atamuuma msomaji ndani, na ndivyo mwandishi alivyokusudia.

Dalili ya pili: "Ni nzuri", kisha kimya

Msomaji anakusifu lakini akiulizwa kitabu kinahusu nini anasema "rushwa" au "maisha". Chanzo ni sentensi ile inayoanza "Mwandishi ametumia lugha nyepesi na mbinu mbalimbali za kisanaa".

Tunajua ilikotoka. Wengi wetu tulikutana na riwaya kwanza darasani, tukafundishwa kuzungumza kuhusu kitabu kwa kuorodhesha dhamira, wahusika na mbinu. Tukiombwa maelezo ya jalada, mkono unaandika jibu la mtihani. Kwa kitabu kinachotafuta nafasi kwenye orodha ya shule, sentensi hiyo ina mahali pake, na mchapishaji anaweza kuitaka. Lakini iende kwenye katalogi au barua kwa walimu. Mtu aliyesimama kwenye meza ya vitabu hanunui "nafasi ya mwanamke katika jamii". Ananunua karani anayeogopa kufungua daftari lake mwenyewe.

Tiba ni kuigeuza kila dhamira kuwa kitu kinachoonekana, au kuifuta. Rushwa katika kitabu hiki ni nini hasa? Ni jina la mkulima aliyekufa likiwa limeandikwa kwenye daftari la mapokezi kana kwamba alileta mzigo juzi. Ukishaliandika hilo, neno *rushwa* halihitajiki tena. Umaskini ni nini? Ni kijiji kizima kinachosubiri malipo ya mnada ili watoto warudi shule. *Tamaa* na *usaliti* haziwezi kugeuzwa bila kumtaja mjomba, kwa hiyo zinakwenda. Ndiyo, hata neno *usaliti* peke yake lina hatari: linamwambia msomaji amtafute mtu wa karibu.

Sifa kama *ya kusisimua*, *ya kuvutia* na *iliyosheheni* zinatibiwa kwa kisu tu. Vivyo hivyo *mrembo na mwerevu*. Kama Rehema ni mwerevu, aonekane akifanya jambo la kiwerevu.

Dalili ya tatu: wananunua, kisha wanalalamika

Hii huja baada ya kuchapa, kwa hiyo inaumiza zaidi. Maoni yanasema kitabu "kinachosha" au "mapenzi yenyewe hayapo", wakati wewe hukuahidi mapenzi. Rudi kwenye jalada: "Je, mapenzi yake na Hamisi yatadumu?" Uliahidi.

Chanzo ni woga wa kumpoteza mtu yeyote, ambao mwishoni huandika "kinamfaa kila msomaji". Hamisi anaonekana katika sura mbili kati ya ishirini na nne. Akiwa kwenye jalada anachukua sentensi mbili kati ya kumi na moja, na moja kati ya maswali mawili ya kufungia. Msomaji wa riwaya za mapenzi akisoma hapo anatia mkono mfukoni kwa haki kabisa. Na yule anayependa upelelezi, ambaye kitabu ni chake, anakirudisha mezani kwa sababu ameona kisa cha dereva wa lori na msichana mrembo.

Namna ya kupima ni kulinganisha uzito. Jambo linalochukua sehemu ndogo ya kitabu lisichukue sehemu kubwa ya jalada. Hamisi atoke. Baada yake, hakikisha aina ya kitabu inasomeka kwenye sentensi mbili za mwanzo bila kutajwa: kufuli, mlinzi, mahabusu, hesabu isiyokubali. Msomaji wa upelelezi anavitambua vitu hivyo mara moja. Unaweza kuongeza mstari mmoja wa chini unaosema waziwazi ni riwaya ya upelelezi, na muuzaji atakushukuru maana atajua aiweke wapi, ila mstari huo hautaokoa maelezo yanayonukia kitu kingine.

Toni nayo ni ahadi. Kama ndani kuna utani, jalada liwe na tone la utani. Kama ndani mnamwagika damu, jalada lisiwe pole. Njia rahisi ni kusoma ukurasa wa kwanza wa riwaya kwa sauti, kisha kusoma maelezo kwa sauti ileile bila kupumzika. Ukisikia watu wawili tofauti wanazungumza, andika upya kwa sauti ya ukurasa wa kwanza.

Dalili ya nne: macho yanaondoka mstari wa tatu

Hapa huhitaji kuuliza. Mtazame tu anavyosoma. Anaanza vizuri, kisha macho yanaruka hadi mwisho au yanakwenda kwenye picha ya mwandishi.

Mara nyingi chanzo ni historia ya mhusika. Kuzaliwa, kufiwa, kulelewa, kusoma, kuajiriwa: mistari mitano kabla ya kitu kutokea. Futa kila kitu kilichotokea kabla ya ukurasa wa kwanza, kisha rudisha kile tu ambacho bila hicho shida haieleweki. Hapa kinarudi kimoja: kwamba Rehema ni binti wa mlinzi.

Chanzo kingine ni njeo zinazoruka. "Alirudi kijijini na kuajiriwa... ambako anakutana na Hamisi." Msomaji hajui asimame wapi. Kwenye jalada, *-na-* na *-me-* zibebe hadithi, ili kisa kionekane kinaendelea na hakijaamuliwa. *-li-* ibaki kwa yale yaliyotangulia tu. Ukisimulia jalada zima kwa *-li-*, hata bila kutaja mwisho, unampa msomaji hisia kwamba kila kitu kimeshakwisha.

Dalili ya tano: maswali hayaulizwi na mtu yeyote

"Je, Rehema atafanikiwa kumwokoa baba yake?" Jibu la msomaji ni: bila shaka, au kwa nini umeandika kurasa 230? Swali la ndiyo au hapana kuhusu ushindi wa mhusika mkuu halina taharuki, na yakifuatana mawili matatu yanageuka kibwagizo. "Soma ujionee" ni dalili ya maelezo yaliyojua kwamba hayajavuta.

Badala ya swali, weka mtego wenye pande mbili. Mhusika akifanya hivi anapoteza kitu. Akifanya vile anapoteza kingine. Vyote viwili msomaji ameshavijua na ameshavijali. Mwandishi wetu anao mtego huo ndani ya kitabu, ukurasa wa 52, wala hakuuona kama kitu cha jalada. Rehema akitoa taarifa juu ya ile stakabadhi, uchunguzi utaanza, malipo ya chama yatasimamishwa, na kila mkulima kijijini atakosa fedha za msimu kwa sababu yake. Akinyamaza, baba yake atafungwa. Hapo hakuna haja ya alama ya kuuliza.

Jaribio moja la kufunga lilikuwa hivi: "Akisema, atalazimika kumtaja aliyemfundisha kazi na aliyemlipia ada." Ni sentensi nzuri kuliko ile niliyoibakiza, na inauma. Lakini rudi kwenye kipimo: mwulize msomaji kitaishaje. Atakwambia ni mtu aliyemlipia ada, kisha ukurasa wa 20, mjomba anapotajwa kuwa ndiye aliyelipa ada, mchezo umekwisha. Sentensi nzuri kuliko zote kwenye rasimu mara nyingi ndiyo inayovuja, kwa sababu imechota uzuri wake kutoka mwisho wa kitabu.

Maelezo baada ya marekebisho

"Msimu wa korosho umefunguliwa Newala, na magunia 400 hayapo ghalani. Kufuli halijavunjwa. Mlinzi wa usiku, Mzee Chilumba, yuko mahabusu.

Binti yake Rehema ndiye karani wa mizani. Kila kilo iliyoingia ghala lile imepita chini ya kalamu yake. Anaporudia daftari la mapokezi ukurasa kwa ukurasa, anakuta jina la mkulima aliyeleta mzigo mwezi uliopita. Rehema alihudhuria maziko ya mkulima huyo miaka miwili nyuma. Na mwandiko unafanana na wake.

Akinyamaza, baba yake atafungwa. Akisema, malipo yatasimama na kijiji kizima kitalala njaa kwa sababu yake. Mnada wa mwisho uko wiki ijayo, na kuna mtu anayetamani sana aache kuhesabu.

Riwaya ya upelelezi kutoka ukanda wa korosho."

Majina ya watu ni mawili. Jambo la mbali kabisa kwenye kitabu ni la mtu anayetamani aache kuhesabu, nalo liko ukurasa wa 56, pale Rehema anapokuta daftari limehamishwa mezani pake. *Mtu* hana jinsia wala udugu. Yamebaki maneno 100 hivi kutoka kama 150, na kilichoongezeka, yaani mwandiko, maziko na malipo kusimama, vyote vilikuwa ndani ya mswada tangu mwanzo.

Nikiyapima tena kwa wasomaji, ningetarajia mmoja aseme ni Rehema mwenyewe, mwingine amshuku baba, wa tatu aseme kuna karani mwingine. Wote wamekosea na wote wana sababu. Akitokea wa nne akasema mjomba bila mjomba kutajwa, huyo ni Mmakonde au ni mwandishi, na hakuna jalada linaloweza kumficha kitu.

Kuhusu nafasi: kitabu cha ukubwa wa A5 kina jalada la milimita 148 kwa 210. Ondoa pambizo za milimita 15 kila upande, ondoa sehemu ya chini ya msimbo pau wa ISBN ambao kwa kipimo chake cha kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, na utaona kwamba maneno 100 hadi 130 ya Kiswahili yanakaa bila kubanwa. Usikopi idadi ya maneno inayopendekezwa kwa vitabu vya Kiingereza. Maneno yetu ni marefu: *atalazimika* inachukua nafasi ya maneno mawili matatu ya kwao, na maneno 180 yatamlazimu msanifu apunguze herufi hadi mzee asiye na miwani asiweze kusoma.

Wasifu wa mwandishi uwe sentensi mbili chini ya picha, kwa herufi ndogo kidogo, usichanganywe na hadithi. Nukuu ya sifa, kama ipo ya mtu halisi aliyekisoma, ikae juu kabisa au isiwepo.

Ukiuza pia mtandaoni, kwa kawaida duka huonyesha mistari michache ya mwanzo na kuficha mingine hadi msomaji abonyeze, na anayekituma kitabu kwenye kundi la WhatsApp hunakili aya ya kwanza tu. Nakili aya yako ya kwanza peke yake, itume kwa mtu, na usiongeze neno. "Kufuli halijavunjwa" inasimama yenyewe. "Riwaya hii ya kusisimua inasimulia maisha ya" haisimami.

Kisha, sampuli ya jalada ikirudi kutoka kwa mpigachapa, soma maelezo kwenye karatasi, siyo kwenye skrini, na uangalie hasa mstari wa mwisho. Msimbo pau huwekwa mwishoni, wakati mwingine na mtu ambaye hakusanifu jalada, na ukikaa juu ya maneno hakuna atakayekupigia simu kukuuliza.